Barafu Ndani ya Bilauri: Jinsi ya Kutunga Chemshabongo ya Kufundishana

Haya ndiyo niliyozungumza Jumamosi kwenye ukumbi wa kata hapa Morogoro, mbele ya vikundi vya kujisomea vya watahiniwa wa kujitegemea. Waliokuwa zamu kazini na wale waliozuiwa na mvua wameniomba niyaweke yote. Nimeyaacha kama yalivyotoka mdomoni.

Wakubwa zangu, shikamooni. Wadogo zangu, habari za asubuhi.

Kabla sijasema lolote, tazameni hapa mezani. Hii ni bilauri ya kawaida. Ndani yake kuna maji ya bomba yaliyolala kwenye friji, nimeyatia rosela kidogo, ile isiyo na sukari, ndiyo maana yanaonekana mekundu. Sasa natumbukiza vipande viwili vya barafu nyeupe. Vinaelea, mnaviona vichwa vimechungulia juu. Naongeza maji mekundu taratibu mpaka yafike ukingoni kabisa, tone moja zaidi yamwagike. Bilauri naiweka juu ya karatasi nyeupe, kavu.

Swali langu ni hili: barafu hii ikishayeyuka yote, nini kitatokea? A, maji yatamwagika. B, maji yatabaki palepale ukingoni. C, maji yatashuka chini ya ukingo. Msiulizane. Kila mtu aandike herufi moja kwenye kiganja au kwenye daftari. Tayari? Haya, A wanyooshe mikono. Naam. Zaidi ya nusu ya ukumbi. B? Wachache. C? Wachache zaidi, na wawili wanashusha mikono wakiangalia majirani zao. Msishushe! Bilauri itakaa hapo, sisi tuendelee, barafu ifanye kazi yake.

Mmeniita niwaeleze jinsi ya kutunga chemshabongo kutoka kwenye notsi zenu za sayansi, ile mada mchanganyiko yenye kuelea, umeme na usanisinuru, pamoja na mwongozo wa majibu, ili mfundishane wenyewe kwa wenyewe. Nami nimekubali haraka, kwa sababu nilipita njia hiyohiyo. Nilifanya mtihani wa kidato cha nne nikiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Kikundi chetu hakikuwa na mwalimu. Tulikuwa kumi na wawili, tunakutana jioni chini ya taa moja, na notsi zilizonakiliwa kutoka daftari la mtu aliyenakili kutoka daftari la mtu mwingine.

Tulikuwa na chemshabongo kila Jumapili. Unajua tulivyokuwa tunazitunga? Tunachukua sentensi ya notsi, tunafuta neno moja, tunaweka nafasi wazi. Notsi zimesema: "Kitu kinachoelea huondoa maji yenye uzito sawa na uzito wa kitu chenyewe." Sisi tunauliza: "Kitu kinachoelea huondoa maji yenye uzito nafasi wazi na uzito wa kitu chenyewe." Jibu: sawa. Alama moja. Makofi.

Alikuwapo dada mmoja kwenye kikundi chetu ambaye hakuwahi kukosa hata moja. Hata moja! Akishika karatasi, anamaliza kabla yetu sote. Siku moja mwenzetu mmoja, mvuvi wa Rufiji, akauliza swali ambalo hakulitoa kwenye notsi. Akasema: mtumbwi wangu uko mtoni umebeba magunia matano. Nikatoka nao mpaka baharini, magunia ni yaleyale. Je, utazama zaidi, utainuka kidogo, au utakaa vilevile? Yule dada akanyamaza. Akaifungua notsi. Akasoma ile sentensi mara mbili. Akasema, "Hapa hawajaandika habari za bahari."

Hawajaandika habari za bahari! Sentensi ilikuwa mbele ya macho yake, neno "sawa" alilijua kama jina lake, na bado haikumfungulia mlango. Alikosea wapi? Yeye hakukosea popote. Tuliokosea ni sisi tuliomtungia maswali. Maswali yetu yalimpima kama anaikumbuka sentensi, hayakumpima kama anaweza kuitumia.

Kwa hiyo ukikaa na notsi zako, usitafute neno la kufuta. Tafuta kiungo. Kila sentensi ya sayansi yenye maana ina kiungo ndani yake, pale ambapo jambo moja linalivuta jingine. Mara nyingi hata maneno yenyewe yanakuonyesha: kwa sababu, kwa hiyo, hutegemea, sawa na, kadiri. Ukikiona kiungo, badilisha kitu kimoja upande huu, kisha muulize mwenzako kitatokea nini upande wa pili. Kimoja tu. Mvuvi wetu alibadilisha kitu kimoja: maji. Mtumbwi uleule, mzigo uleule, maji tofauti. Maji ya bahari ni mazito kuliko ya mto kwa ujazo uleule: lita moja ya maji ya mto ni kama kilo 1, lita moja ya maji ya bahari ni kama kilo 1.025. Uzito wa kuondolewa ni uleule, sasa kila lita imekuwa nzito zaidi, basi lita chache zinatosha. Mtumbwi unainuka kidogo. Ukiacha uzito wa kila lita, hakuna neno hata moja hapo lililotoka nje ya ile sentensi ya notsi.

Na hii bilauri? Ni sentensi ileile. Mvuvi alibadilisha maji, mimi nimebadilisha barafu kuwa maji. Msijibu bado.

Sasa nije kwenye majibu ya kuchagua, yaani yale yasiyo sahihi. Watunga mitihani wanayaita vipotoshi. Hapa ndipo chemshabongo nyingi za vikundi zinapofia. Mtu ametunga swali zuri, ana jibu sahihi, halafu anahitaji majibu matatu ya kujazia. Anaweka chochote. "Mti hupata sehemu kubwa ya uzito wake mkavu kutoka wapi? A, mwezini. B, kwenye mawe. C, kwenye hewa na maji. D, kwenye sauti." Nani atachagua mwezini? Hata asiyefungua daftari mwaka mzima atapata alama. Swali kama hilo halikuonyeshi nani anaelewa na nani haelewi.

Kipotoshi kizuri ni kosa ambalo mtu mwenye akili timamu hulifanya. Ngoja niwape kisa cha mtu aliyelifanya, na alikuwa na akili kuliko wengi wetu humu.

Kulikuwa na tabibu wa Brussels, Jan Baptist van Helmont. Maandishi yake yalichapishwa mwaka 1648, baada ya kufa kwake. Enzi zile watu walikuwa na hakika kwamba mti unakula udongo. Van Helmont akasema, tupime. Akachukua udongo mkavu, kwa vipimo vyetu kama kilo 90, akautia kwenye chungu kikubwa. Akapanda mche wa mwerebi wenye kilo 2 na kitu. Akafunika chungu vumbi lisiingie. Akawa anamwagilia maji tu, miaka 5. Alipoung'oa, mti ulikuwa na kilo 77 hivi. Akaukausha udongo, akaupima tena. Unajua ulikuwa umepungua kiasi gani? Gramu 60 hivi! Kiasi cha chumvi kinachojaa kwenye kiganja. Mti umeongezeka kilo zaidi ya 70, udongo umepungua konzi moja.

Basi wale wa udongo wameshindwa, au siyo? Wameshindwa kabisa. Lakini sikilizeni alichohitimisha van Helmont mwenyewe: kwamba mti wote umetokana na maji, kwa kuwa yeye hakuuwekea kitu kingine ila maji. Na hapo naye akakosea. Hewa iliyozunguka majani hakuipima. Leo tunajua kwamba sehemu kubwa ya uzito mkavu wa mti ni kaboni na oksijeni zilizoingia kupitia majani kama kabonidayoksaidi, na hidrojeni iliyotoka kwenye maji. Madini ya udongoni yapo, mmea hauishi bila hayo, ila ni kidogo sana kwenye mzani.

Mnaona hapo tumepata nini? Tumepata vipotoshi viwili vya kweli, vyote kutoka kwenye historia. A, udongo na mbolea: ndivyo walivyoamini watu wengi kabla yake. B, maji peke yake: ndivyo alivyoamini van Helmont. Ongeza C, mwanga wa jua, kwa sababu wapo wengi wanaodhani mwanga unageuka kuwa mti. Mwanga ni nishati ya kufanyia kazi, haugeuki kuni. Na D, hewa pamoja na maji. Sasa swali limekuwa na meno. Anayechagua A, najua nimfundishe nini. Anayechagua B, najua nimfundishe nini kingine. Kila herufi imebeba ugonjwa wake.

Lakini mtaniuliza, mwalimu, sisi tutampata wapi van Helmont kwa kila mada? Hamumhitaji. Mnao ninyi kwa ninyi. Wiki moja kabla ya chemshabongo, mtungaji aulize swali lake bila machaguo. Awape wenzake vipande vya karatasi, kila mtu aandike jibu kwa sentensi moja bila kuweka jina, avikusanye akavisome nyumbani. Makosa yanayojirudia mara mbili, mara tatu, hayo ndiyo vipotoshi vyake, na ayaandike kwa maneno ya waliokosea. Ukipata makosa mawili ya kweli, tosheka na machaguo matatu. Usijaze la nne kwa sababu tu mtihani una machaguo mengi zaidi. Na tafadhali, jibu sahihi lisiwe ndilo refu kuliko yote kila mara. Watu wa vikundi wanaigundua hiyo haraka sana, wanaanza kupima urefu wa sentensi badala ya kusoma.

Sasa mwongozo wa majibu. Hapa nataka nikae, kwa sababu kwa kikundi kisicho na mwalimu, mwongozo ndiyo mwalimu.

Mwongozo wetu wa zamani ulikuwa mstari mmoja: 1B, 2A, 3D, 4B. Ukikosa, unaambiwa "ni B". Kwa nini B? "Ndivyo ilivyoandikwa." Siku moja ilikuwa zamu yangu kutunga, na nilitunga swali hilihili la bilauri. Nilijua jibu ni B, maji hubaki palepale. Nikawa na uhakika mpaka nikasema tufanye jaribio hapohapo. Nikaleta bilauri, maji ya kawaida yasiyo na rangi, barafu, na karatasi chini yake, nikawaambia: karatasi ikibaki kavu, B ndiyo sahihi. Tukaendelea na maswali mengine. Tuliporudi, karatasi ilikuwa imelowa. Duara zima la bilauri limechoreka kwa maji!

Kikundi kizima kililipuka. Waliosema A walisimama. Mimi nilikuwa na mwongozo mkononi unaosema B na karatasi mezani inayosema A, na sikuwa na neno hata moja la kuwaeleza. Nikafanya jambo ambalo hadi leo linanichoma. Nilifuta B, nikaandika A. Wenzangu kumi na mmoja wakaenda nyumbani na jibu lisilo sahihi, nililowapa mimi kwa mkono wangu.

Maji yale yalitoka wapi? Yalitoka hewani. Bilauri ya baridi kwenye hewa ya joto na unyevu hutoa jasho: mvuke ulioko hewani ukigusa kioo cha baridi hutonesha, matone yanashuka nje ya bilauri, karatasi inalowa. Hakuna hata tone lililopita ukingoni. Na hilo lilikuwamo kwenye notsi zetu! Kurasa nne mbele, chini ya hali za maada: mtonesho. Mada ni mchanganyiko, na sisi tulizisoma kama vyumba visivyo na milango ya kupitia.

Ndiyo maana leo maji yangu ni mekundu. Yakimwagika ya ndani, karatasi itakuwa nyekundu. Yakiwa ya hewani, hayatakuwa na rangi.

Kwa hiyo ninaposema mwongozo, nataka uwe na nini? Nitawasomea ule nilioandika kwa swali la leo. Wanaotaka kunakili, nakilini, nitasoma polepole.

"Jibu: B. Sababu: barafu inayoelea huondoa maji yenye uzito sawa na wake. Mfano, kipande cha sentimita za ujazo 50 kina gramu 46 hivi, kwa kuwa sentimita moja ya ujazo ya barafu ni kama gramu 0.92. Kikielea, kinaondoa gramu 46 za maji, yaani sentimita za ujazo 46. Sehemu hiyo iko chini ya maji, na sentimita za ujazo 4 zilizobaki zimechungulia juu. Kikiyeyuka kinakuwa gramu 46 za maji, yaani sentimita za ujazo 46. Kinalijaza lile shimo lililokuwa limeshikwa na barafu, hakizidi, hakipungui.

"Aliyechagua A: anahesabu ile sehemu iliyochungulia juu kama maji ya ziada. Muulize: barafu ikiyeyuka, ujazo wake unaongezeka au unapungua? Chupa ya maji ikiganda kwenye friza huwa inafanyaje? Aliyechagua C: anajua barafu hupungua ujazo ikiyeyuka, hapo yuko sawa, ila ameipunguza barafu yote kana kwamba yote ilikuwa ndani ya maji. Muulize: ni sehemu gani ilikuwa imechukua nafasi ya maji?

"Masharti: maji yasiwe na chumvi wala sukari nyingi. Barafu ielee, isiguse chini. Isiwe na jiwe wala mchanga ndani yake. Maji yawe yamepozwa kabla, kwa sababu maji ya vuguvugu yakipoa hunywea kidogo na utadhani ni C. Tahadhari: nje ya bilauri patalowa. Tia rangi."

Mwisho wa mwongozo. Umesikia ulivyokaa? Una jibu na sababu yake. Kwa kila aliyekosa una swali la kumuuliza. Haumpi maelezo ya kummwagia. Hilo nalitilia mkazo. Mshika mwongozo akimweleza aliyekosa, aliyekosa atatikisa kichwa na kusema nimeelewa. Akimuuliza swali linalofuata, atalazimika kutembea mwenyewe. Halafu kuna masharti. Swali la sayansi lisilo na masharti ni kama dawa isiyo na dozi. Andikeni kwa Kiswahili mnachokielewa, kisha chini yake mnakili istilahi za Kiingereza zitakazokuja kwenye mtihani, maana mtihani hautawasamehe.

Na kabla mwongozo haujaingia kwenye kikundi, mtu ambaye hakuutunga ajibu swali bila kuuona. Akipata jibu tofauti, msipige kura nani yuko sahihi. Fungueni kitabu, au mfanye jaribio, mpaka ijulikane tofauti imetoka wapi. Laiti mwenzangu mmoja tu angelijibu swali langu siku moja kabla, na bilauri mezani!

Kuna maswali ambayo hayafai kabisa kuwekewa herufi moja ya jibu. Mnamjua Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu Magamba, Lushoto, wanatengeneza aiskrimu ya maziwa. Akaweka maziwa yake kwenye friza yakiwa bado ya moto, yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza darasani aliambiwa amechanganyikiwa. Hakuliacha swali lake. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza Dokta Denis Osborne aliyekuja kutembelea shule kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam. Osborne naye akalipeleka maabara, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Hadi leo wanasayansi wanabishana: wengine wakirudia wanaliona, wengine wakirudia hawalioni. Sasa wewe ukiweka kwenye chemshabongo "maji ya moto huganda kwanza, ndiyo au hapana", utampa nani alama? Swali la namna hiyo wekeni kando, mliandikie "halijatulia", mlizungumze baada ya chai. Ni swali zuri mno kuliua kwa alama moja.

Limebaki jambo la siku yenyewe, na nitalisema kwa kisa cha fundi.

Tulikuwa na kaka mmoja fundi umeme wa majumbani, tunamheshimu. Likaja swali: betri moja, balbu mbili za tochi zinazofanana, zimeunganishwa kwa mfuatano, moja baada ya nyingine. Ipi itawaka zaidi, iliyo karibu na upande chanya, iliyo mbali, au zitalingana? Kaka fundi akasema kwa sauti, "Ya kwanza, maana umeme unafika kwake ukiwa haujatumika." Mikono yote kumi na miwili ikaenda kwa ya kwanza. Yote! Kuna mtu alikuwa ameandika "zitalingana", nilimwona akifuta kwa kidole.

Tukaunganisha. Zikalingana. Mkondo hautumiki njiani. Unaopita kwenye balbu ya kwanza ndio huohuo unaopita kwenye ya pili. Kinachogawanywa ni nishati. Na fundi wetu alikuwa na sababu ya kukosea: taa za nyumbani hazifungwi kwa mfuatano, zinafungwa sambamba, kwa hiyo maisha yake yote hakuwahi kuliona jambo hili. Mkilifanya na ninyi, mnaweza kukuta balbu moja inazidi kidogo, kwa sababu balbu hazitoki kiwandani zikiwa sawasawa kabisa. Msikimbilie kufuta jibu kama mimi. Zibadilisheni nafasi. Mng'ao ukihama pamoja na balbu, kasoro ni ya balbu. Ukibaki mahali palepale, hapo ndipo mnaniita.

Lakini angalieni kile kidole kilichofuta. Yule mtu alikuwa na jibu sahihi na sauti ya mkubwa ikamnyang'anya. Kwa hiyo fanyeni hivi. Swali linasomwa. Dakika moja ya kimya, kimya kabisa, kila mtu anaandika herufi kwenye karatasi. Karatasi zinageuzwa kwa pamoja, kwa hesabu ya tatu. Mshika mwongozo anahesabu na hasemi kitu, hata uso wake usiseme kitu.

Hapo kuna kipimo kilichotokana na njia ya Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard aliyeanza kufundisha kwa namna hii mwaka 1991. Waliopata wakiwa chini ya asilimia 30, msijadiliane, mtaambukizana makosa. Rudini kwenye notsi. Wakizidi asilimia 70, elezeni kwa kifupi, songeni mbele. Wakiwa katikati, hapo ndipo penye utamu. Kwa kikundi cha watu kumi na wawili ni rahisi kukumbuka: watatu kushuka chini, rudini, tisa kupanda juu, songeni, wanne mpaka wanane, jadilianeni.

Mnajadilianaje? Mtafute mwenye herufi tofauti na yako. Siyo rafiki yako, siyo aliye karibu, mwenye herufi tofauti. Dakika tatu, kila mmoja ajaribu kumshawishi mwenzake kwa sababu, siyo kwa umri wala kwa cheo. Halafu karatasi mpya, herufi mpya, mnageuza tena. Baada ya hapo tu ndipo mwongozo unafunguliwa. Kwa saa moja na nusu maswali matano yanatosha. Matano! Msilete arobaini.

Haya, nimeona mnaichungulia bilauri tangu nilipomtaja fundi. Naomba watu watatu wapite mbele, mmoja aliyesema A, mmoja wa B, mmoja wa C. Karibuni. Barafu imebaki kiasi gani, dada? Anasema kama punje ya hindi. Sasa inakwisha... imekwisha. Maji yako wapi? Inama yalingane na jicho lako, usitazame kwa juu. Anasema ukingoni. Kaka wa A, inua bilauri polepole, tuonyeshe karatasi. Imelowa, wote mnaona. Ina rangi gani?

Haina rangi. Duara jeupe, hakuna wekundu hata chembe. Wewe wa A, waeleze wenzako hayo maji yametoka wapi. Waeleze wewe, mimi nimeshasema.

Kuna mama kule nyuma amenyoosha mkono. Naam, mama. Anauliza: na kama maji ya kwenye bilauri yangekuwa ya bahari? Mama, umebadilisha kitu kimoja! Kaa chini uliandike hivyohivyo, machaguo yale matatu, hilo ndilo swali la kwanza la kikundi chako. Nami nakupa mstari wa mwongozo: gramu 46 za barafu isiyo na chumvi zikielea kwenye maji ya bahari zinaondoa sentimita za ujazo 44.9 tu, kwa sababu maji yale ni mazito. Zikiyeyuka zinakuwa 46. Yule aliyekaa kulia kwako asiione hii. Mpe swali kwanza.